Vikikaa Mpaka Krismasi, Vya Nani?

Barua ilirudi Mtwara imekunjwa mara nne, imebebwa na kondakta wa basi la Masasi. Mbele ilikuwa vilevile kama nilivyoichapa. Nyuma mwenye duka alikuwa ameandika mstari mmoja kwa kalamu ya bluu: "Vikikaa mpaka Krismasi, vya nani?"

Fundi wa viti, mwenye barua, aliisoma akiwa amesimama mlangoni kwangu, akaisoma tena, kisha akanikabidhi. "Mwanangu, huyu mama ananidharau?"

Nikamwambia sidhani. Lakini sikuwa na la kumweleza zaidi ya hapo, na swali lile likakaa kichwani kwangu wiki kadhaa. Kila nikichapa barua ya mtu mwingine, ya kuomba kazi au ya kuomba kiwanja, nalikuta linanisubiri pembeni.

Mimi nina stationeri. Nachapa ninacholetewa. Fundi aliniletea barua kwenye karatasi ya daftari, naye ni mtu mzima wa kushikamoo, nikaichapa kama ilivyo: kumbukumbu namba, tarehe, "Yah: Ombi la kuweka viti dukani kwako", "Husika na kichwa cha habari hapo juu". Halafu aya nzima kwamba viti vyake ni imara, vya mninga halisi, vya kisasa, na bei yake ni nafuu. Mwisho "natanguliza shukrani zangu za dhati".

Ukiisoma leo unaona kilichomkera yule mama. Barua ilikuwa na adabu tele, lakini haikuwa na kitu ambacho mwenye duka angeweza kujibu ndiyo au hapana.

Kwa nini Masasi, na kwa nini sasa

Wasomaji wa kusini hamhitaji kuelezwa. Minada ya korosho ikishaanza Oktoba na fedha zikaanza kuingia kwenye akaunti za wakulima, nyumba nyingi zinapata bati, godoro na viti kwa mpigo. Karakana ya Mtwara mjini inauzia wateja walewale mwaka mzima, wengi wao wa kulipa kidogokidogo. Duka la samani la Masasi, lililo barabarani, linapitiwa na watu wenye fedha mkononi kwa miezi mitatu hivi.

Fundi hana mtaji wa kukodi fremu Masasi. Na mwenye duka hataki kufunga mtaji wake kwenye viti ambavyo hajui vitatoka vipi. Ndiyo maana fundi akaomba kamisheni: mali aweke yeye, nafasi atoe mama, kikiuzwa wagawane.

Kwa maneno inaeleweka upesi. Shida inaanza kiti kikishakaa.

Swali lina ncha mbili

Nililipeleka kwa rafiki anayefanya kazi kwenye ofisi ya wakili hapa mjini. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

Akanieleza kwamba Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, ina kanuni kuhusu mali iliyopelekwa kwa mtu kwa masharti ya kuuza au kurudisha. Kama hamkupatana vingine, na aliyepokea akakaa nayo bila kutoa taarifa ya kuikataa mpaka muda mliowekeana ukapita, au muda wa kuridhisha kama hamkuweka wowote, mali inahesabika imekuwa yake. Hapo hadaiwi tena viti. Anadaiwa bei.

Sasa rudi kwenye barua yetu. Ilisema "naomba nikuletee viti kumi na viwili uviuze, visipouzika utanirudishia". Haikusema lini. Haikusema mama ni wakala au mnunuzi. Fundi angeweza kuja Februari, msimu umeisha, akasema: hukunirudishia, kwa hiyo umenunua, naomba 840,000 yangu. Sisemi angefanya hivyo. Nasema barua ilimwachia mlango.

Mama alikuwa ameuona mlango huo kutoka Masasi.

Kilichonishangaza ni kwamba mlango uleule unamtisha fundi kwa upande wa pili. Tuseme mama ana deni la kodi ya pango, au mkopo wa benki umemshinda, na dalali wa mahakama anafika na lori kukamata mali. Anakuta viti kumi na viwili vya mninga katikati ya sofa na makabati. Nani atamwambia hivi si vya duka? Mama atasema. Wadaiwa wote husema. Fundi atafika na barua inayosema "naomba", isiyo na saini ya upande wa pili, na viti visivyo na alama yoyote.

Kwa hiyo mama anaogopa viti visije vikawa vyake, na fundi anaogopa vilevile. Sentensi moja inawatibu wote wawili. Katika barua mpya tuliiandika hivi:

"Viti vyote ni mali ya karakana mpaka mteja atakapolipa. Duka linaviuza kwa niaba ya karakana, halivinunui. Kiti kisichouzwa hadi tarehe 31 Januari kitarudishwa, na duka halitadaiwa bei yake."

Sentensi pekee haitoshi kama viti havijulikani. Fundi alichukua ncha ya nondo, akaipasha moto na kuchoma namba chini ya fremu ya kikalio, upande wa ndani ambako msasa haufiki: M1 mpaka M12. Namba hizo zikaingia kwenye hati ya makabidhiano yenye nakala mbili, kila upande uisaini siku mali inaposhuka kwenye gari. Vilevile, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka wakala atoe hesabu kwa mwenye mali anapodaiwa. Lakini hesabu ya viti visivyo na namba ni maneno matupu. Mama akisema vinane vimebaki, vinane vipi? Anaweza kuwa ameuza vya fundi na kuonyesha vya mtu mwingine vinavyofanana.

Hesabu iliyomkwaza kila mtu

Bei ya kiti karakanani ni 70,000. Kati ya hiyo, 40,000 ni mbao, gundi, vanishi, sponji na kitambaa. Zilizobaki ni za kijana anayemsaidia, umeme wa mashine, na yeye mwenyewe.

Fundi alisikia maduka huchukua asilimia 20. Akachukua 70,000, akaongeza asilimia 20, akapata 84,000, akaridhika. Kijana wake akasema sawa. Hata mimi ningesema sawa kama nisingekuwa na kikokotoo mezani.

Kamisheni haikatwi kwenye bei ya karakana. Inakatwa kwenye bei aliyolipa mteja. Asilimia 20 ya 84,000 ni 16,800, na fundi anabaki na 67,200. Amepoteza 2,800 kwa kila kiti, 33,600 kwa viti vyote, kabla ya nauli. Ili abaki na 70,000 yake, bei lazima iwe ile ambayo asilimia 80 yake ni 70,000. Unagawanya 70,000 kwa 0.8, unapata 87,500.

Hapo fundi alinyamaza kidogo, akauliza kama Masasi kiti hicho kitauzika kwa bei hiyo. Swali zuri kuliko hesabu yangu. Akampigia binamu yake, akaambiwa viti vya aina hiyo huko vinaanzia 90,000 kwenda juu. Wakaweka 95,000 kwenye kibandiko.

Kamisheni au cha juu?

Kibandiko ni kitu kimoja na bei ni kingine. Mteja wa Masasi atasema "mama, punguza", na mama atapunguza, kwa sababu punguzo linauza. Nani analilipa?

Tuseme amepunguza kutoka 95,000 hadi 87,500. Mteja ameokoa 7,500. Kamisheni ya mama imeshuka kutoka 19,000 hadi 17,500, yaani ametoa 1,500 mfukoni mwake. Fundi ameshuka kutoka 76,000 hadi 70,000. Ametoa 6,000. Anayepunguza analipa moja ya tano, na asiyekuwepo analipa nne.

Sikuona ubaya wa mtu hapo. Ni mpangilio tu. Mama akiwa na wateja wanne mlangoni na mmoja anabana bei, 1,500 si kitu cha kumpotezea muda.

Njia nyingine ni ile tuliyoizoea sokoni: fundi anataja bei yake, 70,000, na cha juu ni cha mama. Akiuza 80,000 anapata 10,000, akiuza 110,000 anapata 40,000. Kila punguzo linatoka kwake, kwa hiyo atabana. Fundi aliipenda papo hapo. Anajua chake, analala bila kuwaza.

Mimi nilisita. Cha juu kinamfanya mama abandike 130,000 akimsubiri mteja asiyejua bei, na kiti kikae. Mama hapotezi kitu kikikaa, kwa sababu hakukinunua. Fundi anapoteza, maana 480,000 ya malighafi ya viti kumi na viwili imelala Masasi, wakati mbao za oda nyingine anazikopa. Na msimu ni mfupi. Kiti kilichosubiri tajiri mpaka katikati ya Januari kinaangukia kwenye miezi ya ada za shule na mbegu.

Tulibishana asubuhi nzima. Mwishowe barua ikasema kamisheni ya asilimia 20 ya bei iliyolipwa, kibandiko 95,000, na bei ya mwisho 87,500. Chini ya hapo duka lipige simu kwanza. Ni kamisheni yenye sakafu. Fundi hawezi kushuka chini ya 70,000 bila mwenyewe kukubali, na mama ana nafasi ya kumfurahisha mteja.

Kuna jingine la bei ambalo barua ya kwanza haikuligusa: seti. Watu wengi hununua viti sita na meza. Mteja mmoja akitaka kimoja tu cha kukalia mashine ya kushonea, mama atauza, na seti imebaki na vitano. Vitano haviuziki kirahisi kwa mtu mwenye meza. Tukaandika viuzwe viwiliwili, vinne au sita. Mama akapinga baadaye, akasema Desemba atauza anachoombwa. Wakakubaliana kwamba sheria hiyo ifike mwisho tarehe 15 Desemba. Ni mpango wa busara kuliko wangu.

Kiti kinacholia

Sehemu hii sikuijua kabisa kabla, na ndiyo iliyonifanya nimheshimu fundi upya.

Nilimuuliza tuandike nini kuhusu ubora. Nilitarajia "imara". Akanivuta hadi kwenye kiti kilichokwisha, akakiweka kwenye sakafu ya saruji, akakamata mgongo wake na kuusukuma kwa mshazari, kona hadi kona, sikio likiwa karibu na kikalio. Kimya. Akachukua kingine cha zamani alicholetewa kutengeneza, akafanya vilevile. Kikatoa mlio mfupi, kama mlango wa kabati.

"Hapo ulimi umekonda," akasema.

Mguu na fremu ya kikalio vinashikana kwa ulimi unaoingia kwenye tundu na gundi. Mbao huvuta unyevu na kuutoa kulingana na hewa. Hapa pwani hewa ina unyevu muda mwingi, mbao imeshiba. Ukikipeleka kiti hicho Masasi mwezi wa kumi, kabla ya mvua, hewa imekauka na jua kali, mbao inasinyaa. Ulimi uliokuwa umebana unapata nafasi nyembamba kama unywele, gundi inaachia upande mmoja, na kiti kinaanza kulia. Kinalia dukani, mbele ya mteja, msimu wenyewe ukiwa umefika.

Kwa hiyo hakutumia mbao alizokuwa nazo nje. Alichukua zile zilizopangwa juu ya vijiti chini ya bati tangu mwaka uliopita, na hakuzipaka vanishi mpaka ameziacha wiki kadhaa zaidi ndani ya karakana, juu penye joto. Hata hivyo hakuahidi kwamba hakitalia hata kimoja. Aliahidi kitu ambacho mwenye duka anaweza kukishika: kikilia, duka lisikipige msumari. Akimaanisha hivyo kabisa. Msumari unapasua ulimi, na kiti kilichokuwa cha kubanduliwa na kugundishwa upya kinakuwa kuni. Duka lipige simu, fundi au kijana wake atafika kukitengeneza kwa gharama yake.

Ahadi ya pili ni ya bungua. Mninga una moyo wa rangi ya kahawia na nje una weupe wa manjano. Moyo ni mgumu kuliwa. Weupe una wanga ndani yake, na wadudu wanaupenda. Fundi anayebana mbao huacha ukanda wa weupe chini ya fremu, mahali pasipoonekana, na vanishi haisaidii kama mayai yalishaingia. Miezi inapita, kisha siku moja chini ya kiti kuna unga laini kama wa muhogo, na ukigeuza kiti unaona vitundu vidogo vya ukubwa wa pini. Unga ukifagiwa na ukarudi kesho, bado wamo.

Fundi alitaka kuandika dhamana ya miezi mitatu. Nikamuuliza wadudu huchukua muda gani kutoka. Akasema wakati mwingine hata mwaka. Basi dhamana ya miezi mitatu ni ya nani? Akacheka, akaandika mwaka mmoja, halafu akarudi karakanani na kubadilisha vipande viwili vya fremu vilivyokuwa na weupe. Kama barua ingetumwa na ahadi ya "imara", vipande hivyo vingeenda Masasi.

Fedha inakaa wapi

Ugomvi mkubwa wa mali kauli hapa kusini si kiti kuvunjika. Ni kiti kuuzwa na fedha yake kununua magodoro ya mwenye duka. Mama hasemi uongo anaposema "nitakutumia wiki ijayo". Fedha iliingia kwenye droo moja na fedha nyingine, mzigo wa Dar ukafika, akalipa.

Barua inasema fedha ya fundi itumwe kwa simu kila Jumamosi, kwa kiti kilichouzwa wiki hiyo, pamoja na namba yake: "M4, M5, 92,000 kila kimoja". Makato ya kutuma yanabebwa na fundi. Kwa mauzo hayo mama hutuma 147,200, yaani asilimia 80 ya 184,000. Jumamosi isiyo na mauzo, mama anatuma namba zilizobaki. Mara moja kwa mwezi binamu anapita na kugeuza viti kuangalia chini.

Mama alikubali Jumamosi haraka kuliko nilivyodhani. Alichokuwa anakitafuta kilikuwa kwingine. Risiti ya EFD inatoka kwa jina la duka, kwa bei nzima ya mteja. Mauzo yake kwenye mashine yanaonekana makubwa, wakati yeye amebaki na sehemu ndogo tu. Alitaka karatasi ya kuweka faili, yenye saini mbili, inayoonyesha kwamba sehemu kubwa ya fedha hiyo imepita tu mikononi mwake, ili mhasibu wake awe na cha kuonyesha akiulizwa. Hata hilo fundi asingelijua kwa kuandika "natanguliza shukrani".

Ilipofikia

Barua ya pili ina kurasa mbili. "Husika na kichwa cha habari" imebaki. Fundi alikataa kuiondoa, akasema barua bila hiyo inaonekana ya mtoto. "Ombi" imekuwa "Pendekezo la kuuza viti kwa kamisheni". Chini kuna nafasi mbili za saini.

Mama amekubali seti moja kwanza, viti sita, si kumi na viwili. Ameahidi vikae upande wa mlango na si nyuma ya makabati, ingawa hakutaka hilo liandikwe. Fundi amekubali lisiandikwe. Mimi ningeng'ang'ania, kwa sababu duka lolote linasukuma mbele mali liliyoinunua kwa fedha yake na kusogeza nyuma mali ya mwenzake, na kiti cha nyuma hakiuziki hata kiwe cha nani.

Kipengele kimoja bado kina mstari mtupu: nauli ya kurudisha vitakavyobaki Januari. Mama anasema ni ya mwenye mali. Fundi anasema nusu kwa nusu, kwa kuwa mama naye amefaidi duka kupendeza. Nimemwambia alipe yote. Ni nauli ya viti vichache kwenye gari linalorudi pwani, si fedha nyingi, na anayeilipa peke yake anaweza kuvifuata viti vyake siku yoyote anapoona haviendi, hata Novemba, avipeleke Newala msimu haujaisha. Akilipa nusu, itabidi asubiri mama akubali lini.

Anasema atafikiri. Mzigo unaondoka Alhamisi.